Kisanduku Kitupu Kwenye Fomu ya Bima

Fomu ya madai ya bima ya gari huwa na sehemu ambayo wengi huijaza mwisho, kalamu ikiwa imeshachoka. Ni kisanduku kitupu, na juu yake yameandikwa maelekezo ya mstari mmoja tu: chora mchoro wa ajali. Mtu aliyejaza ukurasa mzima wa maelezo akifika hapo huchora mistari miwili kuwa barabara, mistatili miwili iliyogusana kuwa magari, mshale mmoja, na pale yalipogongana anaweka nyota kubwa yenye miiba. Anatia sahihi, anaondoka.

Mchoro wa namna hiyo hausemi lolote ambalo maneno hayajasema. Tena unaweza kumdhuru aliyeuchora, kwa sababu ile nyota ni dai zito: inasema magari yaligusana mahali hapa hasa. Akiulizwa amejuaje, pengine hana jibu.

Kazi ya mchoro ni kubeba kile ambacho maneno yanashindwa kukibeba, yaani umbali na upande. Ukiandika kwamba pikipiki ilikuwa "mbele kidogo ya gari, karibu na nguzo", kila msomaji atajenga barabara yake kichwani. Kidogo ni mita 2 au mita 10? Mbele ya gari, au mbele yako wewe uliyesimama? Picha za simu nazo hazimalizi swali hili. Lenzi ya simu huona eneo pana, kwa hiyo hufanya vitu vya nyuma vionekane viko mbali kuliko vilivyo, na hakuna picha inayokuambia kwamba kutoka hapa hadi pale ni mita 7.

Jambo la kufurahisha ni kwamba somo hili wengi wetu tulishafundishwa tukiwa watoto. Katika masomo ya shule ya msingi tuliimba vitu vinavyoifanya ramani iitwe ramani: jina, fremu, ufunguo, dira na skeli. Mchoro wa ajali ni ramani ile ile, ila eneo lake ni dogo na mji wake mkuu ni tairi.

Tuchukue ajali moja

Tutumie mfano wa kutunga, lakini wa aina inayotokea kila siku. Barabara ya lami inatoka mashariki kwenda magharibi. Upande wa kusini inaungana nayo njia ya changarawe, hivyo makutano yana umbo la herufi T. Kituo cha daladala kiko upande wa kusini, mita kadhaa mashariki ya makutano. Kumbuka kwamba kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari linalokwenda magharibi linatumia nusu ya kusini ya lami, na linalokwenda mashariki linatumia nusu ya kaskazini.

Saa mbili asubuhi, pikapu inayokwenda magharibi imegongana na bodaboda iliyokuwa ikitoka kwenye changarawe ikikata kulia kuelekea mashariki. Dereva wa pikapu anasema bodaboda ilichomoka ghafla. Bodaboda anasema pikapu ilikuwa ikilipita daladala lililosimama kituoni, ikamkuta upande usio wake. Ugomvi wote unaning'inia kwenye swali moja: pikapu ilikuwa nusu ipi ya barabara?

Mwenye pikapu hakuwepo gari likigonga. Amefika nusu saa baadaye. Majeruhi ameshapelekwa hospitali, trafiki wamefika, wamechora ramani yao na kumruhusu apime kwa ajili ya fomu yake kabla gari halijaondolewa. Ana tepu ya fundi ya mita 5, kamba, kalamu, na daftari la hesabu lenye miraba. Vinatosha. Mwenzake mmoja anasimama upande yanakotoka magari, akiyapunguza mwendo, kwa sababu mpimaji anayeinama barabarani akitazama tepu haoni kinachomjia.

Kwanza, tafuta kitu kisichohama

Vitu vyote vya ajali vitaondoka. Pikapu itavutwa, pikipiki itabebwa, vioo vitafagiwa, na alama ya breki itafutwa na magari mengine na mvua. Kwa hiyo kila kipimo lazima kianzie kwenye kitu kitakachokuwepo mwaka ujao. Nguzo ya umeme ya zege inafaa, na vilevile kona ya ukuta wa jengo au pembe ya kalavati. Genge la mbogamboga halifai, hata kama liko hapo miaka yote, maana linaweza kusogezwa asubuhi moja. Gari lililoegeshwa halifai kabisa.

Mwenye pikapu anaona nguzo ya zege upande wa kaskazini, ikitazamana na makutano. Anaipa herufi K. Kisha anahitaji mstari wa kupimia, na hapa anafanya uamuzi mzuri. Ukingo wa kusini wa lami umekatwa na mdomo wa njia ya changarawe, lakini ukingo wa kaskazini umenyooka bila kukatika. Anauchagua huo. Anapima kutoka K moja kwa moja hadi ukingoni: mita 3.0. Hapo ukingoni anaweka jiwe na kupaita sifuri.

Kuanzia sasa kila kitu kitakuwa na namba mbili. Ya kwanza ni umbali wa kutembea ukingoni kutoka kwenye sifuri, kwenda mashariki au magharibi. Ya pili ni umbali wa kuingia barabarani kutoka ukingoni. Namba moja peke yake haitoshi. Ukisema tairi liko mita 5 kutoka kwenye nguzo, umeeleza duara zima, na tairi linaweza kuwa popote kwenye duara hilo.

Kipimo cha kuingia barabarani lazima kiwe wima juu ya ukingo, yaani kwa pembe mraba. Kikienda mshazari kitakuwa kirefu kuliko kweli. Mafundi wana njia nyepesi isiyohitaji chombo chochote. Mwenzako ashike mwanzo wa tepu kwenye tairi, nawe upitishe tepu polepole juu ya ukingo wa lami, kushoto na kulia, ukisoma namba. Namba itapungua, itafika mwisho, kisha itaanza kuongezeka tena. Ile ndogo kuliko zote ndiyo umbali ulio wima, na hapo ulipoisoma ndipo pa kuhesabia mita za ukingoni.

Kwa umbali mrefu kuliko tepu, kamba iliyofungwa fundo kila mita inasaidia. Asiye na chochote anaweza kutumia hatua zake, lakini apime hatua kwanza: atembee mwendo wake wa kawaida mahali penye mita 20 zinazojulikana na kuhesabu. Zikiwa hatua 26, kila hatua ni kama sentimita 77. Kisha kwenye mchoro aandike wazi kwamba amepima kwa hatua. Namba ya hatua si uongo. Uongo ni kuiandika mita 7.70 kana kwamba imetoka kwenye tepu.

Gari lina pande, si nukta

Kosa la kawaida ni kupima hadi "kwenye gari". Gari lina urefu wa mita nne au tano, na linaweza kuwa limenyooka au limekaa mshazari. Ukipima nukta moja tu, mchoraji wa baadaye anaweza kulizungusha gari atakavyo. Pima magurudumu mawili ya upande mmoja, nalo gari haliwezi kuzunguka tena.

Mwenye pikapu anapima magurudumu ya kulia. Hapa pana mtego mwingine wa lugha: kulia kwa nani? Desturi ni kulia kwa dereva akiwa amekaa kwenye usukani, akitazama mbele. Pikapu inatazama magharibi, kwa hiyo kulia kwake ni kaskazini, upande wa ule ukingo unaotumika kupimia. Anaandika namba hizi daftarini:

A1, gurudumu la mbele kulia la pikapu: mita 4.5 magharibi, mita 1.2 kutoka ukingoni.

A2, gurudumu la nyuma kulia la pikapu: mita 1.5 magharibi, mita 1.0 kutoka ukingoni.

B1, gurudumu la mbele la pikipiki: mita 7.0 magharibi, mita 2.0 kutoka ukingoni.

B2, gurudumu la nyuma la pikipiki: mita 8.2 magharibi, mita 1.6 kutoka ukingoni.

C, alama ya tairi kwenye lami: inaanza mita 9.0 mashariki, mita 1.3 kutoka ukingoni, inaishia kwenye A2.

D, vioo na oili: kuanzia mita 3.5 hadi mita 1.0 mashariki, katikati ya eneo hilo ni mita 1.7 kutoka ukingoni.

Upana wa lami: mita 6.6. Mstari wa katikati: mita 3.3 kutoka ukingoni.

Namba hizi zinajikagua zenyewe. Kati ya A1 na A2 kuna mita 3.0, na huo ni umbali wa kuaminika kati ya gurudumu la mbele na la nyuma la pikapu. Kati ya B1 na B2 ni kama mita 1.25, unaofanana na pikipiki. Lau hesabu ingetoa mita 5 kati ya magurudumu ya pikipiki, angejua hapo hapo kwamba amekosea kusoma, wakati bado ana nafasi ya kupima tena. Akishafika nyumbani, nafasi hiyo haipo.

Mahali pengine hakuna ukingo ulionyooka: kwenye kona, uwanjani, au barabara ya vumbi ambayo kingo zake zimeliwa. Hapo zinatafutwa nguzo mbili zisizohama, unapimwa umbali kati yake, kisha kila kitu kinapimwa kutoka nguzo zote mbili. Nyumbani unatumia bikari kuchora tao moja kutoka kila nguzo, na kitu kiko pale matao yanapokatana. Lakini matao mawili hukatana sehemu mbili, moja kila upande wa mstari unaounganisha nguzo. Kwa hiyo usisahau kuandika kitu kilikuwa upande gani, vinginevyo pikipiki iliyoangukia barabarani itajikuta kwenye shamba la mtu.

Kuhamishia kwenye karatasi

Kwenye daftari la miraba, mwenye pikapu anaamua mraba mmoja uwe mita 1. Anachora ukingo wa kaskazini, anaweka sifuri, anahesabu miraba. Pikapu inakuwa mstatili wenye ncha upande wa mbele, ili ionekane inatazama wapi. Pikipiki inakuwa mstari mfupi wenye duara kila mwisho. Njia ya changarawe inaingia kutoka kusini, na mdomo wake nao una namba: kutoka mita 3 magharibi hadi mita 2 mashariki.

Dira ina nafasi yake. Jua la asubuhi liko mashariki kwa makadirio tu, kwani kwa mwaka mzima huhama kaskazini na kusini mwa mashariki halisi, hadi nyuzi 23 hivi katika maeneo yetu. Dira ya simu ni nzuri zaidi, ila chuma huivuruga, kwa hiyo usiisome ukiwa umeegemea gari. Sogea hatua kadhaa, soma mara mbili, ndipo uchore mshale wa kaskazini.

Asiyeweza kuchora kwa skeli asijilazimishe. Achore kwa mkono, aandike namba zote pembeni ya vitu, na chini aandike "Mchoro huu haukufuata skeli". Namba ndizo zinazoshika ukweli. Umbo linasaidia jicho tu. Jambo baya ni kuandika skeli ambayo hukuifuata, maana mtu atachukua rula, apime karatasi yako, apate umbali ambao haukuwahi kuwepo.

Juu kabisa ya mchoro kuna jina lake: ni mchoro wa tukio gani, mahali gani, tarehe gani, vipimo vilichukuliwa saa ngapi, na nani aliyepima. Saa ya kupima na saa ya ajali ni mambo mawili. Katika mfano wetu nusu saa nzima imepita katikati, na nusu saa inatosha watu wema kusogeza vitu ili magari yapite.

Andika kitu, usiandike maana yake

Sasa tufike kwenye herufi D, kwa sababu hapo ndipo mchoro mwingi huharibika. Mwenye pikapu anavutwa kuandika "mahali walipogongana". Ndivyo kila mtu aliyesimama pale anavyosema. Lakini yeye ameona vioo na oili. Vioo vya taa huruka kuelekea gari linakokwenda, na oili humwagika mahali injini ilipopasukia au pikipiki ilipoburuzwa. Eneo la vioo huwa jirani na mahali pa kugongana, lakini si lazima liwe hapo hapo. Kwa hiyo lebo sahihi ni "vioo na oili". Mtaalamu akija atatafsiri mwenyewe, na mchoro wako utakuwa umempa kitu cha kutafsiri.

Hali kadhalika herufi C. "Alama nyeusi ya tairi, mita 10.5" ni kitu alichokiona na kukipima. "Pikapu ilikuwa kwenye mwendo wa kasi" ni hukumu, nayo haichoreki.

Na daladala je? Lilishaondoka. Mwenye pikapu hakuliona, ameambiwa tu na muuza maji kwamba lilikuwa limesimama kituoni. Linaweza kuingia kwenye mchoro, lakini kwa mistari ya nukta, bila vipimo, na lebo ya kweli: "E, daladala, kwa maelezo ya shahidi". Mstari mzima ni kwa kilichopimwa, mstari wa nukta ni kwa kilichosimuliwa au kilichohamishwa kabla ya kupimwa. Tofauti hiyo inaandikwa kwenye ufunguo, kona ya chini.

Hapa inafaa tuitazame ile namba tena, maana mwenye pikapu naye ameiona. Gurudumu la kulia limekaa mita 1.2 kutoka ukingo wa kaskazini. Upana wa pikapu hauzidi sana mita 1.8, hivyo magurudumu ya kushoto yako kama mita 3 kutoka ukingoni, bado ndani ya nusu ya kaskazini. Na alama ya breki inaonyesha kwamba ilikuwa upande huo tangu mita 9 mashariki ya sifuri. Gari lake lilikuwa upande usio wake. Kalamu iko mkononi, na kuifanya 1.2 isomeke 4.2 ni kazi ya mkwaruzo mmoja.

Acha maadili kando kidogo, tazama hesabu. Akibadilisha A1, itabidi abadilishe A2, maana umbali wa mita 3.0 kati ya magurudumu hauwezi kunyumbulika. Akibadilisha A2, alama C haitaishia popote. Akiihamisha C, itabidi vioo na oili vihame nayo. Na trafiki wana ramani yao, na simu za watu zina picha zenye mstari wa katikati ukionekana. Vipimo vilivyofungwa kwenye nguzo moja vimeshikana kama nyuzi za mkeka.

Maelezo yafuate herufi

Mchoro ukishakamilika, maelezo ya maandishi yanaazima herufi zake. Yasianzishe majina mapya. Kama kwenye mchoro ni "pikapu A", kwenye maelezo isigeuke "gari letu", kisha "chombo husika". Msomaji anapaswa kuweka kidole kwenye herufi na kuendelea kusoma. Mwenye pikapu anaweza kuandika hivi:

"Nilifika eneo la tukio saa 2:30 asubuhi. Nilikuta pikapu (A) imesimama nusu ya kaskazini ya barabara, ikitazama magharibi. Pikipiki (B) ilikuwa imelala mbele yake, umbali wa mita 2.5 kati ya gurudumu la mbele la pikapu na gurudumu la mbele la pikipiki, ukipimwa sambamba na ukingo wa lami. Alama ya tairi (C) ilianzia mashariki ya makutano na kuishia kwenye gurudumu la nyuma kulia la pikapu. Vioo na oili vilikuwa eneo D. Shahidi mmoja alinieleza kwamba daladala lilikuwa limesimama mahali palipooneshwa kwa herufi E, mimi sikuliona."

Angalia vitenzi vyake: nilifika, nilikuta, alinieleza, sikuliona. Kila sentensi inabeba chanzo chake. Na kila namba iliyomo inapatikana kwenye mchoro: mita 2.5 ni tofauti kati ya 7.0 na 4.5. Kabla ya kutia sahihi, pitia jambo hilo moja. Maelezo yakisema 2.5 na mchoro ukisema 3.5, vyote viwili vitatiliwa shaka, hata kama kimoja ni sahihi.

Ukigundua kosa baada ya kuchora, usilifute. Likate kwa mstari mmoja ili bado lisomeke, andika sahihi pembeni, weka herufi za jina lako na tarehe. Na ile karatasi ya kwanza iliyochorwa barabarani, yenye vumbi na jasho, usiitupe hata baada ya kuandaa nakala safi. Hiyo ndiyo iliyokuwepo pale.

Lipo jaribio moja la kujua kama mchoro wako umetimia. Mpe mtu ambaye hakuwepo, pamoja na tepu na mawe manne, umtume makutanoni wiki mbili baadaye wakati lami imeshafagiwa na hakuna kinachoonekana. Mwambie aweke jiwe moja kwa kila gurudumu ulilopima. Akikupigia simu kuuliza "nianzie wapi?", bado kisanduku chako ni kitupu. Akienda moja kwa moja kwenye nguzo K, akapima mita 3 hadi ukingoni, akageukia magharibi na kuanza kuhesabu, umemaliza kuchora.